Lastiki Ikianza Kufa: Namna ya Kuitambua Mapema

"Fundi, hii suruali nimeinunua nzima, nikaiweka kabatini, sijaivaa hata mara moja. Juzi naitoa, navuta kiunoni, inalia krr, halafu hairudi." Anayefanya kazi ya kurekebisha nguo huyasikia maneno haya kila mara, na mwenye nguo huwa na hakika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi hakuuziwa kibovu. Lastiki haihitaji kuvaliwa ili ife. Hewa, joto na mafuta vinaitosha, na vinaifanyia kazi hata nguo ikiwa imekunjwa vizuri kwenye giza la kabati.

Mnunuzi wa mitumba ndiye anayepaswa kulijua hili kuliko mtu mwingine. Trak inayoning'inia Karume pale Ilala ilikaa kwanza nyumbani kwa mtu ng'ambo, ikakaa ghalani, ikabanwa ndani ya belo, ikasafiri baharini kwenye kontena la chuma lenye joto. Kitambaa cha pamba au poliesta huyavumilia hayo yote na kutoka kikiwa kama kipya. Lastiki iliyomo kiunoni imekuwa ikizeeka muda wote huo, wala lebo haikuambii, kwa sababu lebo nyingi hutaja kitambaa tu na kuiacha lastiki ya pindo.

Kinachovuta ndani ya mkanda

Fumua kipande cha lastiki kuukuu utakuta nyuzi za aina mbili. Aina ya kwanza ni nyuzi za kawaida, za poliesta, nailoni au pamba, zilizofumwa au kusukwa kuwa mwili wa mkanda. Hizo hazivutiki. Kazi yake ni kuufunika mkanda na kuuwekea kikomo, usivutwe kupita kiasi. Aina ya pili hupita kwa urefu, sambamba, kuanzia ncha hadi ncha, na ndizo zenye nguvu ya kurudi. Hizi huwa ama mpira ama elasteni, ambayo lebo nyingine huiita spandeksi au laikra. Mkanda ukilegea, nyuzi za kawaida huwa bado nzima kabisa. Kilichokufa ni hizi za pili.

Mpira wa asili ni utomvu wa mti uliogandishwa. Ndani yake mna minyororo mirefu sana ya molekuli iliyojikunja na kupishana ovyo kama tambi zilizochemshwa. Ukivuta, minyororo inanyooka. Ukiachia, inajikunja tena. Ingekuwa hivyo tu, ingeteleza na kuachana, na mpira ungebaki umerefuka. Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, salfa inaweka madaraja kati ya mnyororo na mnyororo. Madaraja hayo ndiyo yanayourudisha mpira kwenye urefu wake wa mwanzo, na lastiki ya mpira ya leo bado inategemea kazi hiyo hiyo.

Udhaifu wa mpira uko kwenye minyororo yenyewe. Ina sehemu nyingi ambazo oksijeni ya hewani inaweza kuzishika. Oksijeni ikiingia, hutokea moja kati ya mambo mawili. Minyororo inaweza kukatika, na hapo mpira unalainika na kunata vidoleni. Au inaweza kujifunga madaraja mengine mengi yasiyotakiwa, na hapo unakuwa mgumu, unapauka na kuvunjika kama kijiti kikavu. Lastiki ya kiunoni iliyozeeka mara nyingi imepitia yote mawili, ndiyo maana ukiifumua unaweza kukuta sehemu moja inanata na nyingine inamomonyoka.

Viwanda vinalijua hilo, kwa hiyo huchanganya kwenye mpira dawa ya kuzuia oksijeni. Dawa hiyo hujitoa mhanga: inaliwa yenyewe badala ya mpira. Maadamu bado ipo, mpira unaonekana hauna tatizo. Sehemu yake hutoka kwa kufuliwa, sehemu huliwa na hewa, na joto huongeza kasi ya ulaji huo. Siku inapokwisha, oksijeni inaanza kuula mpira wenyewe, na kuanzia hapo mambo huenda haraka. Hivyo ndivyo nguo inavyoweza kukaa miaka bila dalili yoyote, kisha ikaharibika ndani ya miezi michache. Anayetaka kuiwahi lastiki ya mpira hapewi muda mrefu. Muda upo, ila ni mfupi.

Kuna na ozoni, gesi inayotengenezeka hewani pale moshi wa magari unapokutana na jua kali. Ozoni hupasua mpira uliovutwa tu. Mpira uliolegezwa huuacha karibu bila kuugusa. Nyufa zake hukaa kimkingamo, yaani zinakata upande uliovutwa. Kwa hiyo bukta iliyotanuliwa kiunoni kwa hanga yenye vibanio na kuachwa hivyo msimu mzima iko hatarini kuliko ile iliyokunjwa ikapumzishwa.

Elasteni ni kitu kingine. Ilitengenezwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1958, nayo si mpira bali ni poliuretani. Kila mnyororo wake una vipande laini vinavyonyooka na vipande vigumu vinavyoshikana na vya jirani, na hivyo vigumu ndivyo vinavyofanya kazi ambayo salfa hufanya kwenye mpira. Elasteni huvumilia ozoni na mafuta ya mwilini kuliko mpira. Haivumilii klorini, haivumilii pasi ya moto, na jua kali huipunguza polepole. Tena uzi wake ni mwembamba mno, kwa hiyo ukiguswa na sindano au ukaliwa kidogo na dawa, hukatika. Mkanda wa elasteni haufi kwa mpigo. Hukatika uzi mmoja leo, mbili mwezi ujao, na mvutano unashuka kidogo kidogo bila mwenye nguo kutambua.

Sikio, vidole, macho

Dalili ya kwanza kabisa ya lastiki ya mpira huja masikioni. Lisogeze pindo karibu na sikio, uvute taratibu. Mkanda mzima haulii, au unatoa mchakacho mdogo wa kitambaa tu. Mkanda ulioanza kufa unatoa krr ya kukatika, kama vijiti vidogo vinavunjwa ndani, na hizo kwa kweli ni nyuzi za mpira zinazokatika wakati huo huo unaovuta. Ukisikia mlio huo, usiendelee kuvuta "kuhakikisha". Kila mvuto unamaliza zilizobaki. Nguo hiyo inaweza bado kukaa kiunoni kwa wiki kadhaa, lakini ndani ya mkanda kazi imeshaanza kwisha.

Baada ya sikio, tumia vidole. Libane pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, upitishe vidole polepole kuuzunguka mkanda wote. Mkanda mzima una unene uleule mwanzo hadi mwisho. Mpira uliokatika hurudi nyuma na kujikunja ndani ya kifuniko chake, kwa hiyo utakuta vijinundu, na kati ya kijinundu na kijinundu pana sehemu bapa, laini, isiyo na kitu. Kama pindo linanata kidogo, au limeacha doa la manjano kwenye kitambaa kinacholigusa, huo ni mpira uliolainika unaotoka nje.

Dalili za elasteni zinaonekana zaidi kwa macho. Geuza nguo ndani nje, uitazame penye mwanga wa kutosha. Ukiona vinywele vyeupe au vyenye kung'aa vimechomoza kwenye uso wa mkanda, hasa kando ya mishono, hizo ni ncha za elasteni iliyokatika. Mara nyingi aliyezikata ni sindano ya cherehani. Sindano yenye ncha kali huchoma uzi wa elasteni katikati, lakini yenye ncha ya mviringo huusukuma pembeni na kupita. Ukiona kitambaa cha pindo kimekaa kwa mawimbi badala ya marinda madogo yaliyolingana, ujue baadhi ya nyuzi zimeacha kuvuta na nyingine bado zinavuta. Chunguza zaidi pande mbili za nyonga, pale unapoingiza vidole gumba kuipandisha na kuishusha nguo, kisha mgongoni panapotuama jasho. Sehemu ya mbele huwa inachelewa.

Ukitaka kujua unashughulika na aina gani, tafuta ncha ya uzi iliyotokeza uivute. Mpira ni mnene, unaonekana wazi kama uzi mmoja wenye umbo la mraba au la mviringo. Elasteni ni nyembamba, ina mng'ao, na mara nyingi imezungushiwa uzi mwingine mwembamba. Ukiendelea kuwa na shaka, shika kipande cha sentimita moja kwa koleo juu ya sinki, ukiwashe. Mpira hutoa moshi mweusi wenye harufu ya tairi linaloungua. Elasteni huyeyuka kwanza.

Kipimo cha sentimita kumi

Hisia za vidole hudanganya, hasa mtu akiwa ameipenda nguo. Kipimo hiki kinahitaji futi ya fundi, chaki na uvumilivu wa dakika mbili.

Laza nguo juu ya meza kivulini, si juani, kwa sababu mkanda uliopata moto haupimiki kwa haki. Acha pindo lipumzike bila kuvutwa. Weka alama mbili za chaki zenye umbali wa sentimita 10 kati yao. Vuta hadi umbali huo ufike sentimita 15, ushikilie dakika nzima, kisha achia. Usipime papo hapo. Hata lastiki nzuri hurudi kwa hatua mbili, ya haraka na ya polepole, kwa hiyo ipe dakika nyingine moja ndipo upime.

Mkanda mzima unarudi kwenye 10, au unapita kwa milimita mbili tatu. Ukifika 10.5, umeanza kuchoka, utumie huku ukijua. Ukibaki 11 au zaidi, mimi huwa sisubiri, nabadilisha, kwa sababu mkanda uliopoteza sehemu moja ya tano ya urejeo wake kwa mvuto mmoja hautalishika tumbo la mtu anayekaa na kuinuka siku nzima. Hivi ni viwango vya mezani kwangu, si vya maabara, lakini vimenifaa. Rudia kipimo sehemu tatu: mbele, ubavuni na mgongoni. Tofauti kati ya sehemu hizo inasema mengi kuliko namba yenyewe, maana lastiki mpya ya aina dhaifu hulegea sawasawa kila mahali, ila inayokufa hulegea mahali pamoja kuliko pengine.

Sokoni hutapewa dakika mbili na nafasi ya kuchora chaki. Hapo fanya jambo moja. Likunje pindo katikati, mbele ikutane na nyuma, mshono wa ubavu ukutane na mwenzake, bila kuvuta. Kitambaa cha mbele na cha nyuma vina ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo marinda yake yanapaswa kukaribiana wingi. Upande wenye marinda yaliyofunguka ndio wenye lastiki iliyochoka. Kisha vuta mara moja karibu na sikio. Muuzaji akisema, "Dada, hiyo ukiifua inarudi," usibishane naye kuhusu lastiki ya kiunoni, hairudi. Mpira uliokatika hauunganishwi na maji.

Kwenye pindo la mkononi na la miguuni, muuzaji huyo anaweza kuwa na hoja. Mikono mingi ya sweta na trak ni ya ribu, yaani ufumaji wa mistari wenye kupanda na kushuka, na ribu huvuta kwa umbo la ufumaji wake hata ikiwa ni pamba tupu. Ribu iliyolegea kwa kupandishwa kiwikoni kila siku mara nyingi haijafa, imechoka tu. Ichovye kwenye maji ya uvuguvugu, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, isukume kwa viganja irudi kwenye upana wake mdogo, uiache ikauke imelala bapa. Ikikauka imebana, ilikuwa pamba. Ikikauka imetanuka vilevile na ina vinywele vinavyong'aa, ilikuwa na elasteni na sasa haina. Kwa soksi za shule jaribio ni hilo hilo, isipokuwa soksi nyeupe huwa zimemalizwa na jiki kabla ya kumalizwa na miguu. Klorini inakata minyororo ya elasteni, na soksi iliyolowekwa ndani yake kila Jumamosi huanza kushuka vifundoni huku kitambaa chake kikiwa bado hakina tundu.

Trak moja mezani

Chukua mfano wa suruali ya trak ya mtumba, nyeusi, pindo la kiunoni lina upana wa sentimita 4, ndani yake mna lastiki. Mvaaji ana kiuno cha sentimita 84. Kipimo cha mbele kinatoa 10.3, ubavuni 10.6, mgongoni 11.2. Ukivuta mgongoni inalia. Hapo uamuzi umeshafanyika, kilichobaki ni kujua ilivyoshonwa, maana hiyo ndiyo itakayoamua gharama.

Ikiwa lastiki imepitishwa ndani ya pindo bila kushonewa, kazi ni nyepesi. Fumua sentimita 5 za mshono wa ndani, upande wa nyuma, usikaribie mshono wa katikati kwa sababu pale pana unene. Chomoa mkanda wa zamani ukate. Lakini trak nyingi zimepigwa mistari minne ya cherehani juu ya lastiki yenyewe ikiwa imevutwa. Kuifumua mistari hiyo kwa wembe kunachukua muda mrefu na kuacha matundu, tena kitambaa kilichozoea marinda hakinyooki vizuri. Nikikuta hivyo, hukata pindo lote na kulitupa. Kama suruali ina kimo cha kutosha kutoka kwenye msamba hadi kiunoni, nakunja kitambaa chenyewe kupata pindo jipya. Kama haina, naongeza ukanda wa kitambaa kinachovutika. Mwenye nguo aambiwe kabla, kwa sababu suruali iliyokatwa pindo bila kuongezewa itakaa chini zaidi kiunoni, na si kila mtu anapenda.

Kwa lastiki mpya, chagua upana unaopungua kidogo kuliko pindo. Pindo la sentimita 4 huingia mkanda wa 3.5 vizuri, wa 4 kamili utabanwa na kujikunja kingo. Kuhusu aina, lastiki ya kusukwa hupungua upana ikivutwa, na ndani ya pindo pana hupenda kujiviringisha. Iliyofumwa kwa vitanzi hubaki na upana wake na ni laini mwilini, hiyo ndiyo ninayoichagua kwa trak na nguo za kulalia. Ile ngumu iliyofumwa kama utepe mnene inafaa kitambaa kizito.

Kabla ya kupima urefu, vuta lastiki mpya mara nne au tano kwa nguvu ya kawaida. Lastiki mpya hulegea kidogo kwa mivuto ya kwanza, na ukiikata kabla ya hapo, suruali itakayombana mtu dukani itampwaya baada ya wiki. Kisha toa karibu sehemu moja ya kumi ya kiuno: 84 ukitoa 8 ni 76. Ongeza 2 za kupandishia ncha juu ya ncha. Kata sentimita 78. Lakini usiamini hesabu peke yake. Zungushia kiunoni kwa mvaaji, ashike ncha zipandane, akae kitini, ainame. Kama mkanda unaacha alama nyekundu baada ya dakika tano, ongeza sentimita mbili. Lastiki inayokaa imevutwa sana saa zote pia huchoka mapema, kwa hiyo kubana kupita kiasi hakuongezi maisha ya nguo.

Choma pini ya kufunga kwenye ncha moja, uipitishe ndani ya pindo, na ncha ya pili uibane kwenye kitambaa kwa pini nyingine isije ikamezwa. Ukimaliza mzunguko, hakikisha mkanda haujapinda ndani, zipandishe ncha sentimita 2, ushone kwa zigizaga kwenye umbo la mraba. Funga tundu. Sasa vuta kiuno kizima mara mbili tatu ili marinda yajigawe, kisha piga mshono mfupi wa wima juu ya lastiki, mmoja kwenye kila ubavu na mmoja nyuma. Mishono hiyo mitatu inazuia mkanda kujiviringisha, jambo ambalo watu wengi hulichukulia kuwa ni lastiki kufa. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo. Kazi nzuri yote hii inaweza kuharibiwa na sindano kali inayokata nyuzi mbili tatu kila inapoingia.

Yanayofupisha maisha yake

Mafuta ndiyo adui wa mpira asiyezungumzwa. Mafuta ya nazi, vaselini na losheni za mgando huingia ndani ya mpira, huuvimbisha na kuudhoofisha. Ni sababu ile ile inayofanya glavu na kondomu za mpira zikatazwe kutumiwa na mafuta. Mtoto aliyepakwa vaselini kiunoni na kuvikwa kaptula papo hapo anaiwekea lastiki mafuta kila asubuhi. Huhitaji kuacha kumpaka. Acha mafuta yanywewe na ngozi kwanza, na wakati wa kufua sugua pindo kwa sabuni upande wa ndani, maana huko ndiko mafuta yaliko, si nje tunakosugua kwa mazoea.

Pasi nayo ina ubaya wake mahususi. Kiwandani, kitambaa chenye elasteni hutandazwa kikiwa kimevutwa na kupitishwa kwenye joto kali linalokaribia nyuzi 190 ili kibaki na upana uliotakiwa. Mtu anayevuta pindo la kiuno linyooke, akaligandamiza kwa pasi ya moto wa pamba, anarudia kazi hiyo hiyo bila kukusudia: anaifundisha elasteni kubaki ndefu. Piga pasi suruali, ukomee chini ya pindo. Kama ni lazima kufika juu, tumia alama ya nukta moja, ambayo ni takriban nyuzi 110, na pindo likiwa limelegea. Pasi ya mkaa haina nukta, kwa hiyo hiyo isiguse lastiki kabisa.

Kwenye kamba, nguo ya lastiki inyongwe kwa kukunjwa katikati juu ya kamba, kivulini, pindo likining'inia huru. Vibanio vikibana kiuno, uzito wa maji wa suruali nzima unaivuta lastiki iliyolowa kwa saa kadhaa huku jua likiipasha. Nguo ikikauka, iondoe. Haina faida kukaa pale hadi jioni.

Lastiki ya akiba nayo inazeeka dukani. Ukinunua kwa mita Kariakoo, usikubali mizunguko ya nje ya bunda lililokaa mlangoni kwenye mwanga. Omba ikatwe kutoka ndani, au bunda lililo kwenye karatasi yake. Linganisha rangi ya kingo na ya katikati, kwani lastiki nyeupe iliyogeuka manjano kando imeshaanza safari. Nyumbani izungushe kwa kulegea bila kuivuta, uifunge ndani ya kitambaa au karatasi, uiweke mbali na dirisha na mbali na jiko. Na usinunue ya miaka mitano kwa sababu bei ya jumla imekuvutia. Mita utakazozitumia mwaka huu zinatosha, zilizobaki zitakuwa zikizeeka kwenye droo yako kwa kasi ile ile iliyoimaliza lastiki ya suruali uliyoiweka kabatini.